Sekunde Mbili za Dereva

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa goli hadi goli katika uwanja wa mpira humalizika kabla ya mtu kuhesabu hadi tano. Ndani ya muda huo, mwenye bango lililosimama kando ya barabara anataka dereva alione, alisome, alielewe na alikumbuke. Mabango mengi hayapati hata moja kati ya hayo. Ukipita Barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam kwenda Chalinze, utakutana na mabango yaliyojaa maneno kama barua, yenye orodha ya bidhaa, namba tatu za simu, anuani ya mtandao na salamu za kumkaribisha mteja. Yamegharimu fedha nyingi, na wanaoyasoma hadi mwisho ni abiria wa basi lililosimama.

Kosa hilo huanzia ofisini, au siku hizi, kwenye simu ya mkononi. Mbunifu humtumia mteja picha ya bango kwa simu. Mteja huikagua akiwa amekaa, simu ikiwa karibu na uso wake, na kila neno linasomeka vizuri. Anaona pana nafasi, anaomba iongezwe namba nyingine ya simu. Tuchukulie bango lenyewe lina upana wa mita 12, na picha yake kwenye simu ina upana wa sentimita 13. Mtu akiishika simu sentimita 35 kutoka machoni, analiona bango kwa ukubwa ule ule ambao dereva angeliona akiwa mita 32 tu kutoka lilipo. Dereva aliyefika hapo ameshalipita, kwa maana macho yake hayawezi kuliangalia tena bila kugeuza kichwa. Mteja ameidhinisha bango ambalo hakuna dereva atakayeliona hivyo.

Ili kulielewa tatizo, ni vizuri kuhesabu kwa utaratibu tangu bango linapoonekana hadi linapopotea.

Nchini Tanzania, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Bango linalosimama nje ya mpaka huo liko takribani mita 28 kando ya njia anayopita dereva. Gari likibakiza mita 50, bango limeshakaa pembeni kwa karibu nyuzi 30 kutoka uelekeo wa mbele, na kila mita inayofuata hulisogeza pembeni zaidi. Mbunifu mwenye busara huzihesabu mita hizo 50 za mwisho kuwa zimepotea. Kwa upande wa mbali, bango linaweza kuonekana tangu mita 300 kama hakuna mwembe, nguzo wala lori mbele, lakini kuliona si kulisoma. Muda wa kusoma huanza pale tu herufi zinapokuwa kubwa vya kutosha machoni mwa dereva.

Hapo ndipo ukubwa wa herufi unapoingia. Wahandisi wa alama za barabarani nchini Marekani wamekuwa wakitumia kanuni ya inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 30 za umbali, yaani kila sentimita moja ya herufi husomeka kutoka mita 3.6. Kanuni hiyo inalingana na uwezo wa jicho. Vipimo vya macho vya hospitali vimejengwa juu ya herufi ya daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, aliyeitoa chati yake mwaka 1862. Mtu mwenye macho mazima hutambua herufi ya karibu milimita 9 akiwa mita 6. Mtu mwenye nusu ya uwezo huo, ambaye nchi nyingi bado humruhusu kuendesha, anahitaji herufi yenye urefu mara mbili. Ukipiga hesabu kwa mtu wa pili, unafika karibu kabisa na zile mita 3.6 kwa sentimita moja.

Lakini kanuni hiyo ni ya kikomo. Inaeleza mahali ambapo herufi inaanza kutambulika kwa kukaza macho. Msomaji huhitaji herufi zenye ukubwa wa karibu mara mbili ya kikomo hicho ndipo asome kwa kasi yake ya kawaida. Watengenezaji wa mabango wana kipimo chao cha ukarimu zaidi, yaani sentimita moja kwa kila mita 1.2, ambacho hulifanya neno limrukie mtu machoni. Kwa barabara kuu, herufi ya sentimita 80 hadi mita moja ni mahali pazuri pa kuanzia kwa neno linalobeba ujumbe. Herufi ya sentimita 25, ambayo mezani ingeonekana kama jitu, huanza kutambulika gari likiwa mita 90 tu kutoka kwenye bango. Ondoa mita 50 zilizopotea, zinabaki mita 40. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni chini ya sekunde mbili.

Na sekunde hizo si zote za bango. Dereva ana lori mbele yake, ana kioo cha pembeni, ana bodaboda inayojitokeza kutoka njia ya vumbi, ana mtoto anayesubiri kuvuka. Macho yake hurudi barabarani kila mara, na yanapaswa kurudi. Utafiti mkubwa uliofanywa Virginia nchini Marekani kwa magari 100 yaliyofungwa kamera, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili huongeza hatari ya ajali, au ya kuponea chupuchupu, kwa angalau mara mbili. Kwa hiyo sekunde mbili ni kipimo cha biashara na cha uhai kwa wakati mmoja. Bango linalohitaji sekunde tano linamtaka dereva afanye jambo ambalo mwenye bango asingependa lifanywe na dereva aliyembeba mwanawe.

Sekunde mbili hubeba maneno mangapi? Wauzaji wa matangazo wamerithi kanuni ya maneno saba, na wengi huitaja kama amri. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye lugha ya maneno mafupi, nayo haitufai Waswahili bila marekebisho. Neno letu moja hubeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo. "Tumekurahisishia" ni neno moja lenye herufi 16. Mtu anaweza kuandika maneno saba ya namna hiyo, akajiona ametii kanuni, kumbe amejaza herufi zaidi ya mia.

Kwa Kiswahili ni heri kuhesabu herufi. Jicho halitelezi juu ya mstari. Hutua, likasoma kipande, likaruka, likatua tena. Kila kituo huchukua karibu robo ya sekunde, na kila mruko huvuka herufi saba hadi tisa. Kwa sekunde mbili hiyo ni miruko minane, lakini wa kwanza mmoja au miwili hutumika kulitafuta bango na kuona mstari unaanzia wapi. Inabaki nafasi ya herufi arobaini na kidogo kwa msomaji hodari, mchana kweupe, akiwa katulia. Ukimfikiria dereva aliyechoka, mwenye kioo chenye vumbi, herufi 25 ndilo lengo la haki. Kwa kawaida hayo ni maneno matatu hadi matano.

Urefu wa neno una adhabu ya pili ambayo wengi huiona wakiwa wamechelewa. Herufi nene iliyonyooka huchukua upana wa karibu theluthi mbili ya urefu wake, ukijumlisha na nafasi inayoifuata. Bango la mita 12 likiachiwa ukingo wa mita moja kila upande, linabakiwa na mita 10. Neno la herufi 16 likikaa peke yake kwenye mstari huo, urefu wa herufi zake hauwezi kuzidi sentimita 95 hivi. Likiongezwa neno jingine pembeni la herufi nane, ukubwa unashuka hadi sentimita 60. Mbunifu hapo hushawishika kuzibana herufi ziwe nyembamba ili zienee, na hilo huharibu kila kitu, kwa sababu kwa mbali nafasi zilizo ndani ya "a" na "e" huziba, na "rn" husomeka kama "m". Dawa ni kubadilisha neno, si kuibana herufi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mfanyabiashara wa mabati ana duka upande wa kushoto wa barabara kuu, mahali fulani baada ya Kibaha kwa anayetoka Dar es Salaam. Amekodi bango la mita 12 kwa 4, kilomita mbili kabla ya duka lake. Maandishi aliyompa mbunifu ni haya: "Kwa mabati imara ya rangi zote, mbao, misumari na vifaa vyote vya ujenzi kwa bei nafuu isiyo na mpinzani, tembelea duka letu lililopo mkabala na kituo cha mafuta, kilomita mbili kutoka hapa. Tunatoa ushauri bure. Karibuni sana." Chini yake anataka namba mbili za simu, na pembeni picha ya nyumba.

Hayo ni maneno 37 yenye herufi zaidi ya 180. Msomaji mzuri aliyekaa kwenye kiti angehitaji sekunde tisa au zaidi. Yakipangwa pamoja na picha na namba za simu, herufi zitaangukia kwenye zile sentimita 25, ambazo tumeona humpa dereva chini ya sekunde mbili. Dereva atasoma "Kwa mabati imara", kisha bango limepita.

Kazi ya kwanza ni kumuuliza mfanyabiashara jambo moja analotaka dereva afanye. Jibu lake, akisukumwa kidogo, ni kwamba dereva anayejenga apunguze mwendo na kuingia dukani. Basi dereva anahitaji kujua vitu viwili tu, kinachouzwa na mahali pa kukunja. "Bei nafuu isiyo na mpinzani" huenda, kwa kuwa kila duka husema hivyo. "Ushauri bure" huenda, huo atapewa akifika. "Karibuni sana" ni adabu nzuri, na mahali pake ni mlangoni. Misumari na mbao huenda pia, na hapa ndipo wateja hugoma zaidi, lakini anayefuata mabati ataikuta misumari humo humo.

Namba za simu nazo zinaondoka. Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi. Hakuna anayeweza kuishika kichwani kwa kuitupia jicho mara moja, na dereva haruhusiwi kuandika wala kupiga simu mkononi akiwa anaendesha. Namba ipakwe ubavuni mwa duka, ambako mtu amesimama.

Kinachobaki ni mistari miwili: "Mabati ya rangi" juu, na "Kushoto, km 2" chini. Ni herufi na tarakimu 23 kwa jumla. Mstari wa juu, pamoja na nafasi, una vipande 15, kwa hiyo herufi za sentimita 90 zinaenea kwenye mita 10 na nafasi inabaki. Mstari wa chini unapewa sentimita 70. Neno "mabati" linaanza kutambulika tangu mita 320, na linasomeka kwa raha kuanzia mita 160. Ukiondoa zile 50 za mwisho, dereva ana mita 110, sawa na sekunde tano, ambamo anaweza kutupa jicho mara mbili fupi na bado akaitazama barabara muda wote uliobaki. Juu ya ukingo wa chini pamebaki zaidi ya mita moja ambayo mfanyabiashara atataka kuijaza. Iachwe tupu, au iwekwe mchoro mmoja wa bati jekundu lenye mawimbi yanayoonekana. Na ukuta wa duka upakwe rangi ile ile ya bango, ili dereva akifika kilomita mbili mbele alitambue jengo kabla hajasoma jina lake.

Je, iandikwe kwa herufi kubwa zote au kwa mchanganyiko? Swali hili liliwahi kugombaniwa Uingereza kwa ukali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipewa kazi ya kubuni alama za barabara mpya za mwendo kasi, nao wakaandika majina ya miji kwa herufi kubwa ya mwanzo na ndogo zinazofuata. Mchonga maandishi David Kindersley aliamini kwamba herufi kubwa tupu, zenye vikonyo vidogo kwenye ncha, zingesomeka vizuri zaidi. Mabishano yakapelekwa kwenye majaribio katika uwanja wa ndege wa Benson, Oxfordshire, watu wakakaa na kutaja walichosoma huku gari lililobeba alama likiwasogelea. Herufi za Kindersley zilisomeka kutoka mbali kidogo zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno kuamua jambo, na herufi za Kinneir na Calvert ndizo zilizochaguliwa. Zipo kwenye barabara za Uingereza hadi leo.

Mwenye bango anaweza kuchukua funzo la kutuliza moyo hapo. Neno moja au mawili ya herufi kubwa tupu si kosa. Mistari mirefu ya herufi kubwa huchosha kwa kuwa kila neno hubaki na umbo la tofali. Kilicho na uzito zaidi ni ukubwa wenyewe, unene wa mstari wa herufi uwe karibu moja ya tano ya urefu wake, na nafasi kati ya herufi iwe wazi kuliko ile ya kitabuni. Herufi za mapambo zinazoiga mwandiko wa mkono ziachwe kwa kadi za harusi.

Rangi huharibu mabango mengi kuliko herufi. Watu huchagua rangi zilizo tofauti kwa jina, kama nyekundu juu ya bluu au kijani juu ya nyekundu, wakasahau kwamba kwa mbali jicho hutegemea tofauti ya weupe na weusi. Kipimo chake ni rahisi. Piga picha ya mchoro kwa simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama maandishi yamezama kwenye usuli, hata barabarani yatazama. Nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya bluu iliyokolea, na nyeusi juu ya nyeupe hupita mtihani huo bila shida. Jua letu nalo lina neno. Wino wa njano na ule wa waridi iliyokolea hupauka kabla ya bluu na nyeusi, ndiyo maana picha za watu kwenye mabango yaliyokaa muda mrefu hugeuka bluu. Ujumbe uliotegemea nyekundu hufifia mapema, hivyo turubai lake libadilishwe mapema.

Mahali pa kusimamishia pana masharti yake. Barabara ya Morogoro hubeba malori yanayoelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na lori lenye kontena lina kimo cha mita nne hivi. Bango ambalo ukingo wake wa chini uko mita tatu kutoka ardhini litafichwa na kila lori lililo kati yake na msomaji. Bango pia lielekezwe kwa magari yanayokuja. Likiwekwa sambamba na barabara, kama ukuta, herufi zake huonekana zimebanwa upana na husomeka gari likiwa limeshalifikia.

Yako mazingira ambayo hesabu hii hulegea. Kwenye makutano yenye foleni ya kila siku, magari husimama dakika nzima na abiria wa daladala wana muda wa kusoma aya. Hata hivyo, bango la mahali hapo hutazamwa pia saa nne usiku, barabara ikiwa nyeupe na magari yakikimbia, kwa hiyo mstari wake mkuu ubaki wa herufi 25 na maelezo madogo yakae chini kwa ajili ya waliosimama. Na mwenye habari ndefu kweli anaweza kuigawa. Kampuni ya Marekani ya sabuni ya kunyolea, Burma-Shave, ilianza mwaka 1925 kupanga vibao vidogo kimoja baada ya kingine kando ya barabara za Minnesota, kila kibao kikiwa na maneno machache ya shairi la kuchekesha, na jina la sabuni mwishoni. Vibao hivyo vilidumu hadi 1963. Magari ya enzi zile yalikwenda polepole, na njia hiyo bado inaweza kufaa barabara ya kijijini ya kilomita 50 kwa saa kuliko barabara kuu ya leo.

Kabla ya kulipia uchapishaji, mwenye bango la mita 12 kwa 4 achapishe mchoro wake kwenye karatasi ukiwa na upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 4. Aubandike ukutani, asimame mita moja na nusu kutoka ulipo. Hivyo ndivyo dereva atakavyoliona bango akiwa mita 150. Kisha amwite mtu ambaye hajawahi kuuona, amfunulie kwa sekunde mbili, aufunike, na amwombe aseme alichosoma. Akikosea yeye, kata maneno na umwite mtu mwingine, kwa sababu wa kwanza ameshaujua.